Seli inasoma volti pungufu: jinsi ya kulinganisha kipimo na hesabu, na kueleza pengo

Umechovya kipande cha zinki kwenye salfeti ya zinki na kipande cha shaba kwenye salfeti ya shaba, ukaunganisha vikombe viwili kwa daraja la chumvi, ukaweka voltimita. Jedwali la potensheli sanifu linasema utapata volti 1.10. Mshale umesimama kwenye 0.81. Hapo wengi huandika "makosa ya kibinadamu" au "ukolezi haukuwa sahihi" na kufunga daftari. Maelezo ya kwanza hayasemi lolote. Ya pili, kama nitakavyoonyesha kwa hesabu, hayawezi kuwa kweli kwa pengo kubwa kiasi hicho.

Kila chanzo cha pengo kina ukubwa wake na kina upande wake. Kipo kinachoweza kuondoa milivolti chache tu, kipo kinachoweza kuondoa theluthi ya volti, na kipo kinachoweza kuondoa volti nzima. Baadhi vinaweza kupandisha kipimo, vingine vinakishusha tu. Ukilipima pengo kwanza, unakuwa umeshawaondoa washukiwa wengi kabla hujagusa kifaa. Mwongozo huu unafuata seli moja ya zinki na shaba tangu hesabu hadi maelezo ya mwisho, kisha unageukia magnesiamu, ambayo inahitaji maelezo ya aina nyingine kabisa.

Hatua ya 1: Andika hesabu kabla ya kupima

Ukikokotoa baada ya kuona kipimo, mkono wako utaivuta hesabu ielekee huko. Kwa hiyo andika kwanza. Potensheli sanifu zote kwenye jedwali zimeandikwa kwa upande wa kupokea elektroni, na hesabu ni kutoa tu: chukua ya kathodi, hapa shaba, toa ya anodi, hapa zinki.

```
Cu2+ + 2e- -> Cu    E° = +0.34 V
Zn2+ + 2e- -> Zn    E° = -0.76 V
E°seli = 0.34 - (-0.76) = 1.10 V
```

Makosa mawili ya karatasini huzaa mapengo makubwa kuliko mengi yanayotokea kikombeni. La kwanza ni kusahau alama ya kutoa, ukapata -0.42 badala ya 1.10. La pili huja kwenye seli ya shaba na fedha. Ayoni mbili za fedha zinahitajika kwa kila atomu moja ya shaba, basi mwanafunzi anazidisha 0.80 kwa 2 na kupata 1.60 kutoa 0.34, yaani 1.26. Potensheli haizidishwi. Ni nishati kwa kila kiasi cha chaji, na ukiongeza mara mbili vitu vyote, chaji nayo imeongezeka mara mbili, uwiano uko palepale. Jibu sahihi ni 0.46. Kwa hiyo ukikuta seli hiyo inasoma 0.44 na wewe umeandika 1.26, usihangaike na vikombe. Rudi kwenye karatasi.

Hatua ya 2: Sahihisha kwa ukolezi ulionao

Neno "sanifu" lina masharti: ayoni zenye ukolezi wa mol 1 kwa lita, nyuzi 25, na miyeyusho inayofanya kazi kana kwamba ayoni hazisumbuani. Ukolezi wako ukiwa tofauti, tumia mlinganyo wa Nernst:

```
E = E° - (0.0592 / n) × log Q
```

Hapa n ni idadi ya elektroni zinazohama, na Q kwa seli yetu ni ukolezi wa Zn2+ ukigawanywa kwa ukolezi wa Cu2+. Mimi nilitumia mol 0.1 kwa lita pande zote mbili. Q ni 1, logi yake ni 0, hivyo hesabu inabaki 1.10.

Simama kidogo hapo, kwa maana mlinganyo huu unasema jambo ambalo watu hawalisikii. Kwa n ya 2, ukikosea ukolezi wa upande mmoja mara 10, volti inasogea kwa 0.03 tu. Sasa tuseme pengo lako ni volti 0.2. Ili ukolezi peke yake ulieleze, 0.2 gawanya kwa 0.0296 inatoa karibu 6.8. Ingebidi uwe umekosea kwa zaidi ya mara milioni 5. Aliyepima gramu 24 badala ya 25 hajafanya hivyo. Hata aliyesahau kabisa kuongeza maji ya kufikisha alama hajafanya hivyo. Ukolezi ni mshukiwa wa milivolti, na volti inapopungua kwa makumi ya asilimia, mtafute mwingine.

Joto nalo lisikusumbue kwa seli hii. Volti ya zinki na shaba hushuka kwa takriban milivolti 0.1 tu kwa kila nyuzi moja, hivyo chumba chenye nyuzi 30 hakionekani kwenye voltimita ya kawaida.

Hatua ya 3: Pima, na uandike zaidi ya namba moja

Sugua vipande vyote viwili kwa msasa mpaka uone metali inang'aa, visuuze, vipanguse. Tumia msasa tofauti kwa kila metali, maana chembe za shaba zikibaki kwenye zinki zinaanzisha seli ndogo juu ya kipande chenyewe. Daraja langu lilikuwa karatasi ya kuchuja iliyokunjwa mara tatu na kulowekwa kwenye naitreti ya potasiamu. Waya chanya unakwenda kwenye shaba. Ukiona alama ya kutoa kwenye multimita, umezigeuza waya, wala seli haina kosa.

Hakikisha kibano cha waya hakigusi maji. Hili ni dogo lakini limewahi kunipotezea asubuhi nzima. Kibano cha chuma kilikuwa kimezama kidogo kwenye salfeti ya shaba, volti ikawa inashuka polepole, na nilipokitoa meno yake yalikuwa yamevaa koti jekundu. Chuma kilikuwa kikiyeyuka na shaba ikitua juu yake, kwa hiyo multimita ilikuwa ikipima mchanganyiko wa shaba na chuma, si shaba.

Andika kipimo mara tu unapounganisha, kisha baada ya dakika 1, kisha baada ya dakika 5. Mwelekeo wa namba hizo ni ushahidi. Kipimo kilichotulia mahali pa chini kinaeleza habari tofauti na kipimo kinachoteremka.

Kwangu, voltimita ya mshale yenye kipimo cha mwisho cha volti 3 ilisoma 0.81 na kutulia. Pengo ni 0.29 kwenda chini. Ni kubwa mno kwa ukolezi, ni dogo mno kwa kosa la alama, na halisogei. Linaelekeza kidole kwenye umeme unaopotea ndani ya seli yenyewe.

Hatua ya 4: Uliza kama voltimita inakula umeme wa seli

Volti inayokokotolewa kutoka kwenye jedwali ni ya seli isiyotoa mkondo wowote. Lakini voltimita ya mshale husogeza mshale wake kwa mkondo, na mkondo huo unatoka kwenye seli. Ukipita ndani ya miyeyusho na hasa ndani ya daraja la chumvi, unakutana na ukinzani, na sehemu ya volti inabaki humo. Unachosoma ni kilichobaki nje.

Voltimita yangu ilihitaji miliampia 1 kufika mwisho wa volti 3, maana yake ina ukinzani wa ohmu 3,000. Jaribio la haraka ni kuiondoa na kuweka multimita ya dijiti, ambayo kwa kawaida ina ukinzani wa ohmu milioni 10 na karibu haichukui mkondo. Seli ileile, bila kuguswa chochote, ikasoma 1.09. Volti 0.28 kati ya 0.29 zilizopotea zimerudi.

Usiishie kusema "voltimita ilikuwa mbaya". Voltimita ile ilikuwa nzima, na vipimo viwili hivi pamoja vinakupa ukinzani wa ndani wa seli:

```
r = R × (E - V) / V
r = 3000 × (1.09 - 0.81) / 0.81 ≈ 1040 ohmu
```

Sasa hiki ni kisio linaloweza kupimwa. Kama kweli ndani kuna ohmu 1,040, basi nikiweka rezista ya ohmu 1,000 sambamba na multimita ya dijiti, ninapaswa kusoma 1.09 × 1000 / 2040, yaani karibu 0.53. Niliiweka, multimita ikaonyesha 0.53, kisha ikaanza kuteremka kidogo kidogo kadiri mkondo ulivyoendelea. Nikaiondoa rezista upesi. Maelezo ya pengo yanapotabiri namba mpya na namba hiyo ikatokea, hapo unaweza kuyaandika kwenye ripoti bila wasiwasi.

Ukinzani huo ulikuwa unakaa wapi zaidi? Nikaongeza karatasi ya pili juu ya ya kwanza, nikarudisha voltimita ya mshale, nayo ikapanda hadi 0.92. Daraja nene, volti nyingi. Ukiweka akilini kwamba ukinzani wa ndani unaweza tu kushusha kipimo, hauwezi kukipandisha, utajua pia wakati wa kuuacha: pengo likiwa la kwenda juu, usiutaje.

Kuna hali moja ambapo multimita ya dijiti inadanganya vibaya kuliko ya mshale. Karatasi ikikauka katikati, au ncha yake moja ikaacha kugusa maji, ya mshale inaanguka sifuri na unajua mara moja. Ya dijiti inaonyesha namba inayoyumba, inayobadilika ukisogeza mkono karibu na waya. Ukiona namba isiyotulia, lowesha daraja kabla ya kuanza kutafuta sababu za kikemia.

Hatua ya 5: Tazama uso wa metali

Kabla ya kusugua zinki yangu vizuri nilikuwa nimepata 1.07 kwa multimita ya dijiti. Baada ya msasa, 1.09. Tabaka jembamba la oksidi linaweza kula milivolti za aina hiyo kwenye zinki, na msasa ndio jaribio lake: kipimo kikipanda na kubaki juu, umepata sababu.

Lililo baya zaidi ni ayoni za shaba kufika upande wa zinki. Itoe zinki uiangalie. Ikiwa na madoa meusi kama masizi, hiyo ni shaba iliyotua kama unga laini, imepokea elektroni palepale juu ya zinki bila kupitia waya. Kutoka hapo, uso unaoupima si wa zinki tupu, na kipimo huendelea kuteremka hata kama hutumii mkondo. Hutokea daraja likiwa limejaa maji kupita kiasi na kimiminika cha kikombe kimoja kinatiririka hadi kingine, au vikombe vina vimo tofauti vya maji na karatasi inafyonza kutoka upande mmoja. Tatizo hili ni la zamani kama seli yenyewe: John Frederic Daniell alipotengeneza seli ya zinki na shaba mwaka 1836, kazi kubwa ilikuwa kuiweka miyeyusho miwili mbalimbali huku ayoni zikiweza kupita.

Hatua ya 6: Milivolti zilizobaki

Nimebakiwa na 1.09 dhidi ya 1.10. Je, niendelee kuchimba? Multimita yangu inaonyesha tarakimu mbili baada ya nukta kwenye mkao ule, na potensheli za jedwali nilizotumia zimekadiriwa vivyo hivyo. Pengo la 0.01 liko kwenye mpaka wa kile ninachoweza kukiona. Pale daraja linapogusana na kila myeyusho kuna volti ndogo nyingine, kwa sababu ayoni chanya na hasi hazitembei kwa kasi moja. Tunachagua naitreti au kloridi ya potasiamu kwa daraja kwa vile ayoni zake mbili zinakaribiana sana kwa kasi, na volti hiyo inabaki milivolti chache. Ninaandika hivyo na kusonga mbele.

Lakini usidhani 1.09 inathibitisha kwamba miyeyusho yetu ilikuwa na tabia ya kinadharia. Kwenye myeyusho wa mol 0.1 wa salfeti ya shaba, ayoni zenye chaji 2 huvutana kwa nguvu na ayoni za salfeti, kiasi kwamba zinafanya kazi kama ukolezi wa takriban 0.015 tu. Salfeti ya zinki ina tabia karibu ileile. Kwa kuwa Q ni mmoja juu ya mwingine, kasoro mbili zinafutana. Seli ya zinki na shaba inakubaliana na jedwali vizuri kuliko inavyostahili.

Seli ya shaba na fedha haina bahati hiyo, na ndiyo maana ninapenda kuiweka pembeni mwa ile ya kwanza. Kwa mol 0.1 za kila upande, Q ni 0.1 gawanya kwa 0.1 mraba, yaani 10, na mlinganyo unatoa 0.46 kutoa 0.03, yaani 0.43. Ukitumia ukolezi unaofanya kazi kweli, 0.015 kwa shaba na karibu 0.073 kwa fedha, Q inashuka hadi karibu 2.8 na hesabu inakuwa 0.45. Basi mtu anayepima 0.44 au 0.45 akiwa ametabiri 0.43 asione aibu. Kipimo chake kiko juu ya hesabu, upande ambao ukinzani wa ndani hauwezi kukipeleka, na sababu iko kwenye hesabu iliyochukulia kila ayoni kuwa huru. Kwa seli hii tumia daraja la naitreti ya potasiamu, siyo kloridi: kloridi ikikutana na fedha inatoa mashapo meupe, ayoni za fedha zinapungua, na volti inashuka. Vaa glavu pia, naitreti ya fedha huacha madoa meusi kwenye ngozi yasiyotoka kwa siku kadhaa.

Magnesiamu: pengo ambalo halizibiki

Badilisha zinki kwa utepe wa magnesiamu ndani ya salfeti ya magnesiamu. Jedwali linasema -2.37 kwa magnesiamu, hivyo na shaba unatarajia 2.71. Utakachosoma ni karibu 1.7, hata kwa multimita ya dijiti, hata kwa daraja nene, hata kwa msasa mpya. Pengo ni volti nzima.

Pitia hatua zote na uone jinsi washukiwa wanavyoanguka. Ukolezi ungehitaji kukosewa kwa tarakimu zisizokuwepo. Ukinzani wa ndani umeondolewa na multimita ya dijiti. Msasa unapandisha namba kwa muda mfupi, kisha inarudi. Sasa katisha waya kabisa, inamisha uso na uutazame utepe kwa karibu. Viputo vidogo vinaota juu yake na kujibandua, ingawa haujaunganishwa na kitu.

Hicho ndicho chanzo. Magnesiamu inatoa elektroni kwa maji yaliyoizunguka, na maji yanatoa haidrojeni. Juu ya uso huohuo mmoja zinaendelea kazi mbili: magnesiamu kuyeyuka na haidrojeni kuzaliwa, huku tabaka la oksidi na haidroksidi likiziba sehemu ya metali. Potensheli inayopimwa inasimama mahali kati ya kazi hizo mbili, pale zinapolingana kwa kasi, si mahali pa jedwali. Namba -2.37 ni sahihi, lakini inaeleza magnesiamu iliyo katika usawa na ayoni zake pekee, hali ambayo haipatikani ndani ya maji. Imekokotolewa kutokana na nishati za mmenyuko, haikusomwa kwenye kikombe kama hiki. Alumini nayo husoma chini sana ya jedwali, kwake sababu kuu ikiwa tabaka gumu la oksidi linalojirudisha mara tu unapomaliza kusugua.

Hali inayofanana na hii hutokea kwa limau lenye msumari wa zinki na waya wa shaba. Watu huilinganisha na 1.10 na kushangaa ikisoma pungufu, ilhali ndani ya limau hakuna ayoni za shaba za kupokea elektroni. Kinachozipokea ni haidrojeni ya asidi na oksijeni iliyoyeyuka, waya wa shaba ukiwa kituo tu. Kulinganisha na jedwali la shaba hapo ni kulinganisha na mmenyuko usiotokea.

Hatua ya 7: Andika maelezo

Kwenye ripoti, kila sababu ibebe ukubwa wake na jaribio lililoionyesha. Kwa seli yangu niliandika hivi: "Hesabu 1.10 V. Voltimita ya mshale 0.81 V, multimita ya dijiti 1.09 V. Volti 0.28 zilibaki ndani ya seli kwa ukinzani wa takriban ohmu 1,040, uliothibitishwa kwa rezista ya ohmu 1,000 (tarajio 0.53, kipimo 0.53). Sehemu kubwa ya ukinzani iko kwenye daraja, kwani kuongeza karatasi kulipandisha kipimo hadi 0.92 V. Volti 0.01 iliyobaki haipambanuki na ukomo wa kifaa." Na kwa magnesiamu: "Hesabu 2.71 V, kipimo 1.7 V kwa multimita ya dijiti. Viputo vilionekana bila waya kuunganishwa. Elektrodi haikuwa katika usawa na Mg2+, hivyo E° ya jedwali haiitabirii."